Makubaliano ya huduma kati ya timu ya data na watumiaji wa ripoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unazihusu timu ndogo za data, za watu wawili hadi watano, ambazo simu ya kwanza ya asubuhi huwa ni "mbona ripoti haijaingia?" Tutatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: kampuni ya kubuni inayosambaza bidhaa za dukani, yenye matawi 14 na timu ya data ya watu watatu. Ripoti inayozungumziwa ni ya mauzo ya jana, ambayo wakuu wa kanda huifungua kabla ya kikao chao cha saa 2:00 asubuhi. Namba za kampuni hiyo ni za mfano tu. Njia ya kuzipata ndiyo ya kuiga.

Je, haya makubaliano ni mkataba wa kisheria?

Hapana. Ni karatasi ya ndani ya ukurasa mmoja, mmoja na nusu ikizidi sana, inayosema ripoti ipi itakuwa tayari saa ngapi, na ikiharibika nani atafanya nini baada ya muda gani. Mkuu wa timu ya data anaweka sahihi, na mkuu wa idara inayotumia ripoti anaweka yake. Mwanasheria hahitajiki. Ila kama timu ya data ni kampuni ya nje inayolipwa, mambo hubadilika: hapo kiwango cha huduma huwa kiambatisho cha mkataba, na hicho lazima kipite kwa mwanasheria.

Tuna ripoti zaidi ya 40. Tuziandikie ahadi zote?

Msithubutu. Anzeni na moja, mkizidi tatu. Kwa kila ripoti jiulizeni: ikichelewa kwa dakika 120, nani anakwama, na anakwama kufanya nini? Ripoti ya mauzo ya jana ina jibu la papo hapo: wakuu wa kanda wanaingia kikaoni hawajui tawi lipi limeshuka. Ripoti ambayo swali hilo linaleta kimya, iandikeni kwenye orodha ya "bila ahadi". Itaendelea kusasishwa kama kawaida, lakini hakuna atakayeamshwa kwa ajili yake.

Orodha hiyo ya pili iambatanishwe kwenye makubaliano. Bila hiyo, mtumiaji atadhani ahadi ya ripoti moja ni ahadi ya zote, na hatakuwa amekosea.

Saa ya kuahidi tuipateje?

Ina pande mbili, mahitaji ya mtumiaji na uwezo wa mfumo, na zote mbili hupimwa.

Upande wa mtumiaji, usimuulize anataka data saa ngapi, maana atakwambia "muda wote". Muulize huifungua saa ngapi na huifanyia nini. Katika mfano wetu, wakuu wa kanda hufungua ripoti kama saa 1:40 asubuhi, wengine wakiwa bado njiani, na kikao ni saa 2:00. Kwa hiyo saa yenye maana kwao ni 1:30 asubuhi. Kuwapa data saa 11:00 alfajiri hakuwaongezei kitu.

Upande wa mfumo, chukua kumbukumbu za siku 60 za kazi zilizopita. Kwa kila siku andika saa ambayo kazi ya usiku ilimaliza hatua ya mwisho, yaani ripoti yenyewe kupokea data mpya, wala si ghala la data kujazwa. Kama kumbukumbu hizo ziko kwenye PostgreSQL, na safu ya `ilimaliza` ni ya aina ya `timestamptz`, swali hili litakupa saa ambayo asilimia 95 ya siku zilikuwa zimekamilika:

```sql
SELECT percentile_disc(0.95) WITHIN GROUP (
  ORDER BY (ilimaliza AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::time)
FROM kumbukumbu_za_usiku
WHERE tarehe >= current_date - 90;
```

Siku 90 za kalenda zina kama siku 60 na kitu za kazi, ndiyo maana ya hiyo 90. Kuna mtego hapa. Siku ambayo kazi ilikufa kabisa haina saa ya kumaliza, na hesabu huiruka kana kwamba haikuwapo, kwa hiyo matokeo yanapendeza kuliko ukweli. Siku kama hizo zijaze `23:59` ndipo upige hesabu.

Tuseme matokeo ni haya: nusu ya siku kazi ilikwisha 06:10 au kabla, siku ya 57 kwa mpangilio ilikwisha 07:05, na tatu za mwisho zilikuwa 07:50, 09:40, na moja ambayo haikumaliza kabisa. Ukiahidi 07:30 unabaki na nafasi ya dakika 25 juu ya ile 07:05, na katika siku 60 ungevunja ahadi mara 3. Hiyo inaahidika. Ukivutwa na ile 06:10 ukaahidi 06:30, utavunja ahadi siku nyingi za kawaida, siku ambazo hakuna kilichoharibika.

Na kama mtumiaji anahitaji mapema kuliko uwezo wetu?

Usiahidi kwa matumaini. Kwanza tazama muda unaliwa wapi. Mara nyingi si kuchakata, ni kusubiri. Tawi la mwisho hutuma mauzo yake saa 7:30 usiku, lakini kazi imepangwa kuanza saa 10:00 alfajiri kwa sababu mtu aliyeipanga zamani aliona inatosha. Ukiisogeza hadi saa 8:30 usiku, umepata dakika 90 bila kubadilisha mstari mmoja wa programu.

Ukisogeza ratiba kwenye seva inayotumia UTC, kumbuka Afrika Mashariki iko saa 3 mbele. Saa 8:30 usiku ni 02:30 kwetu, lakini kwa seva ni 23:30 ya siku iliyotangulia. Jumatatu yetu alfajiri kwake bado ni Jumapili, kwa hiyo ukiandika `1-5` ukidhani ni Jumatatu hadi Ijumaa, kazi ya Jumatatu haitakimbia, na ya Jumamosi itakimbia bila kuombwa. Kwa `cron` inayohesabu kwa UTC, sahihi ni hii:

```
30 23 * * 0-4
```

Tuandike saa 2 asubuhi au 08:00?

Andikeni zote mbili, kila mahali: "saa 2:00 asubuhi (08:00)". Kompyuta zinasema 08:00, kikao kinasema saa mbili, na mtu aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza akiona "saa 8:00" peke yake ataelewa asubuhi wakati mwenzake ameelewa mchana.

Muda wa kusubiri nao una utata wake. "Tutajibu saa 4" ni saa nne asubuhi, au ni baada ya kupita muda wa saa nne? Kwenye karatasi hii pimeni muda wote kwa dakika: dakika 30, dakika 60, dakika 240. Inasomeka kama ratiba ya treni, lakini hakuna atakayebishana.

Ripoti inaandika "imesasishwa leo 06:50" lakini namba ni za juzi. Ahadi imetimizwa au haijatimizwa?

Haijatimizwa. Na makubaliano yaseme hivyo waziwazi, maana ndiyo ugomvi unaotokea kuliko wowote.

Ule muhuri wa muda unaoonekana kwenye ripoti unaeleza tu kwamba kazi ya kusasisha ilikimbia ikamaliza. Hauelezi kama kulikuwa na kitu kipya cha kuleta. Mfumo wa mauzo ukishindwa kutuma faili usiku, kazi itakuta jedwali lile lile la juzi, italinakili upya bila kosa lolote, na itapiga muhuri wa leo. Timu ya data itaona rangi ya kijani, mtumiaji ataona namba za juzi, na kila mmoja ataapa kwamba yuko sahihi.

Kwa hiyo ahadi iandikwe kwa umri wa data, si kwa saa ya kazi. Usiandike "ripoti itasasishwa kila siku saa 1:30 asubuhi". Andika "ifikapo saa 1:30 asubuhi (07:30), ripoti itaonyesha mauzo yote ya siku iliyotangulia, hadi saa 6:00 usiku". Na kipimo kiangalie data yenyewe, tawi kwa tawi:

```sql
SELECT t.jina, max(m.muda_wa_mauzo) AS mwisho
FROM matawi t
LEFT JOIN mauzo m ON m.tawi_id = t.id
GROUP BY t.jina
HAVING coalesce(max(m.muda_wa_mauzo), '-infinity')
       < current_date - interval '1 day';
```

Swali hili hutaja kila tawi ambalo halina hata uuzaji mmoja wa kuanzia jana. Kuanza na jedwali la matawi na kutumia `LEFT JOIN` si mapambo: ukianza na jedwali la mauzo, tawi ambalo halijawahi kutuma chochote halitaonekana kabisa. Tawi linalofunga Jumapili litajitokeza kila Jumatatu, kwa hiyo liwekewe alama ya siku zake za kazi kwenye jedwali la matawi, la sivyo watu watazoea kengele na kuacha kuisikiliza.

Kwenye uso wa ripoti wekeni tarehe mbili, moja ya kazi kukimbia na nyingine ya uuzaji wa mwisho uliopokelewa. Hiyo ya pili iwe kubwa zaidi.

Tawi moja kati ya 14 likichelewa, tuizuie ripoti nzima?

Kwa ripoti ya mauzo, tusingeizuia. Mkuu wa kanda ya ziwa hana sababu ya kukosa namba zake kwa kuwa intaneti imekatika kwenye tawi la kusini. Ripoti itoke na matawi 13, na juu kabisa iandikwe jina la tawi lililokosekana. Jumla ya kampuni nzima iandikwe "bila tawi fulani", maana jumla pungufu isiyo na maelezo ndiyo inayompeleka mtu kikaoni na habari ya uongo.

Kwa ripoti ya fedha ya kufunga mwezi, msimamo ni kinyume: bora isitoke kuliko kutoka pungufu. Ndiyo sababu jambo hili huamuliwa na mtumiaji, ripoti kwa ripoti, na kuandikwa. Lisiachiwe mtu wa zamu aamue akiwa na usingizi.

Tuahidi asilimia ngapi?

Geuza asilimia kuwa siku kabla hujaitamka. Mwezi una siku kama 22 za kazi. Asilimia 99 ya 22 inaruhusu kukosea siku 0.22, yaani usikosee hata siku moja. Asilimia 95 inaruhusu siku moja tu kwa mwezi. Kwa robo ya mwaka yenye siku 65, asilimia 95 inaruhusu siku 3.

Pendekezo letu ni kuacha asilimia na kuandika siku: "tutakosa ahadi si zaidi ya siku 3 katika robo ya mwaka". Kila mtu anaelewa siku 3. Pia robo inavumilia wiki moja mbaya, jambo ambalo mwezi hauwezi.

Orodha ya siku za kazi ikubaliwe mapema. Sikukuu za Idd hutegemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo andikeni kwamba siku iliyotangazwa kuwa mapumziko, hata ikitangazwa usiku wa kuamkia, haihesabiwi.

Hitilafu ikitokea, tuahidi kuirekebisha ndani ya muda gani?

Tenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kujibu na kurejesha. Kujibu ni mtu, si barua pepe ya moja kwa moja, kusema "nimeiona, naishughulikia". Hilo liko mikononi mwenu na linaahidika kikamilifu. Kurejesha hutegemea chanzo cha tatizo, ambacho hamjakijua bado. Kwa hiyo kujibu kuandikwe kama ahadi, kurejesha kuandikwe kama lengo, na katikati pawe na ahadi ya kutoa taarifa kila baada ya muda fulani. Mtumiaji anayepewa taarifa kila dakika 60 huvumilia hitilafu ya nusu siku. Aliyeachwa kimya hupiga simu baada ya robo saa.

Madaraja matatu yanatosha.

Daraja la 1 ni pale ripoti haifunguki, data ya jana haipo kabisa, au namba zilizopo si sahihi. Kujibu ni ndani ya dakika 30, taarifa kila dakika 60, lengo la kurejesha dakika 240.

Daraja la 2 ni pale ripoti inatumika lakini ina upungufu unaojulikana, kama tawi moja au mawili kukosekana. Kujibu ni ndani ya dakika 120, lengo ni kumaliza kabla ya siku ya kazi kwisha.

Daraja la 3 ni rangi, maandishi, au ombi la safu mpya. Hiyo si hitilafu. Ipelekwe kwenye foleni ya kawaida na isihesabiwe hapa.

Kuna wanaoshangaa kuona namba zisizo sahihi zimewekwa daraja moja na ripoti isiyofunguka. Ukweli ni kwamba ni mbaya zaidi, kwa sababu ripoti iliyokufa kila mtu anaiona, ila namba mbovu inasomwa na kuaminiwa. Kwenye hali hiyo hatua ya kwanza ya mtu wa zamu, kabla ya kutafuta sababu, ni kuifunga ripoti au kuweka onyo juu yake. Aandikiwe ruhusa hiyo kwenye makubaliano, asilazimike kuomba.

Mkibishana kuhusu daraja, hitilafu ichukuliwe kuwa ya daraja la juu hadi itakapochunguzwa. Na saa inaanza kuhesabiwa pale kengele ya mfumo inapolia au mtumiaji anapotoa taarifa kwenye njia iliyokubaliwa, lolote litakalotangulia.

Tuko watu watatu. Tunawezaje kuahidi asubuhi na mapema?

Hapa ndipo makubaliano mengi yanapovuja. Timu inaahidi data ifikapo 07:30, halafu kifungu cha hitilafu kinasema saa za huduma ni kuanzia 08:00. Kazi ikifa saa 9 usiku, hakuna anayejua hadi 08:00, ahadi ikiwa imevunjika nusu saa nyuma. Ahadi ya 07:30 inahitaji mtu aliye macho kabla ya 07:30, tena kwa muda unaotosha kuanzisha kazi upya.

Katika mfano wetu, kazi nzima huchukua kama dakika 50. Basi kengele ikague data saa 12:15 asubuhi (06:15), na mtu wa zamu awe na kompyuta mbele yake kuanzia 06:30. Ana dakika 10 za kutazama kosa na dakika 50 za kuikimbiza upya. Si nafasi kubwa, lakini kwa makosa ya kawaida, kama nenosiri lililoisha muda, diski kujaa, au muunganisho kukatika katikati, inatosha. Kazi inayochukua dakika 150 haiokoleki kwa njia hii. Hiyo igawanywe vipande, ili inapokwama irudiwe kipande kilichokwama tu.

Zamu ziende kwa wiki, kila mmoja wiki moja kati ya tatu. Aliyeanza 06:30 aondoke 15:30, na hilo liandikwe, si kuachwa kwenye hisani ya meneja. Wikendi na usiku msiahidi chochote, isipokuwa siku mbili za mwisho na mbili za mwanzo wa mwezi ikiwa idara ya fedha inazihitaji kweli. Watu watatu hawawezi kukesha mwaka mzima.

Ujumbe wa hitilafu uandikweje?

Mistari minne: nini kimeharibika, kipi bado kinaaminika, nini kinafanyika, na taarifa inayofuata ni saa ngapi. Kwa mfano:

> Saa 12:40 asubuhi (06:40). Ripoti ya mauzo ya jana haijakamilika: matawi ya Mbeya na Songea hayajaingia.
> Matawi mengine 12 yako sahihi na yanaweza kutumika. Jumla ya kampuni msiitumie bado.
> Faili za matawi hayo mawili hazijafika kutoka mfumo wa mauzo. Tumewasiliana na wahusika.
> Taarifa inayofuata: saa 1:40 asubuhi (07:40), hata kama hakuna jipya.

Mstari wa pili ndio unaosahauliwa, nao ndio unaomwezesha mkuu wa kanda kuingia kikaoni. Maneno kama "kuna changamoto za kiufundi" yapigwe marufuku. Hayamwambii mtu afanye nini.

Tatizo likitoka kwenye chanzo, umeme au intaneti, ni kosa letu?

Andikeni orodha fupi ya sababu zisizohesabiwa dhidi ya timu: chanzo kutotuma data, na kukatika kwa mawasiliano nje ya ofisi. Mnamo 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Hakuna timu ya data ambayo ingezuia hilo. Lakini sababu ya nje inaondoa hesabu ya kurejesha tu. Wajibu wa kujibu na kutoa taarifa unabaki, hata kama ni kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Namba za simu za watumiaji wakuu ziwekwe mahali pasipohitaji intaneti.

Umeme una masharti. Kama seva iko ofisini kwenu, jenereta na betri ni sehemu ya huduma, na umeme kukatika si udhuru. Kama umeme umekatika kwenye tawi, hilo ni la chanzo.

Siku za sababu za nje nazo zirekodiwe, kwenye safu yake. Siku 5 kati ya 8 zilizochelewa zikitokana na mfumo wa mauzo, mna hoja ya kumpelekea mwenye mfumo huo, na mnajua ni nani wa kuingia naye makubaliano yanayofuata. Hamwezi kuahidi 07:30 kama yeye hajaahidi kumaliza kutuma kabla ya saa 8:00 usiku.

Tunatumia Power BI. Kuna mipaka ya kuzingatia?

Ipo, na inagusa ahadi moja kwa moja. Leseni ya Pro inaruhusu kusasisha kwa ratiba mara 8 tu kwa siku. Uwezo wa Premium huruhusu mara 48. Mtumiaji akitaka data ya kila nusu saa kwa leseni ya Pro, jibu ni hapana, na ijulikane kabla ya sahihi.

Saa unayoiweka kwenye ratiba si saa ambayo kazi itaanza kwa hakika. Microsoft wenyewe wanasema hulenga kuanza ndani ya dakika 15, lakini inaweza kuchelewa hadi dakika 60. Ukipanga 07:00 kwa ahadi ya 07:30, umeshajinyonga. Panga mapema, au iamuru ianze mara tu ghala la data linapokamilika.

Halafu kuna hili: ikishindwa mara 4 mfululizo, ratiba hujizima yenyewe. Taarifa huenda kwa barua pepe ya mwenye ripoti, ambaye pengine alishaacha kazi. Ongezeni anwani ya kundi la timu kwenye taarifa za kushindwa leo hii, kabla hamjaandika kitu kingine chochote.

Watumiaji nao wana wajibu gani?

Mambo matatu tu. Wateue mtu mmoja wa kuzungumza kwa niaba ya idara. Watoe taarifa za hitilafu kwenye njia moja iliyokubaliwa. Ujumbe uliotumwa kwa WhatsApp ya mtu binafsi usiku hauanzishi saa, kwa kuwa huenda mtu huyo yuko likizo. Na watoe notisi ya siku 5 za kazi kabla ya mabadiliko yanayogusa data: tawi jipya, msimbo mpya wa bidhaa, safu kubadilishwa jina. Tawi la 15 likifunguliwa kimyakimya, litakosekana kwenye ripoti bila kengele kulia, kwa sababu halimo kwenye jedwali la matawi.

Tukivunja ahadi kunakuwa na adhabu?

Faini kati ya idara za kampuni moja ni kuhamisha fedha mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Kinachofaa ni matokeo yanayogusa kazi: timu ikizidi siku 3 katika robo, inasimamisha ripoti mpya hadi sababu kuu ya ucheleweshaji iondolewe. Mkuu wa idara ya watumiaji akubali hilo mapema, kwa kuwa ripoti zitakazosimama ni zake.

Maandishi yenyewe yakoje?

Kwa kampuni yetu ya mfano yangekuwa hivi:

> 1. Ripoti: Mauzo ya Jana. Watumiaji: wakuu wa kanda.
> 2. Ahadi: kila siku ya kazi, ifikapo saa 1:30 asubuhi (07:30), ripoti itaonyesha mauzo ya siku iliyotangulia hadi saa 6:00 usiku, kwa matawi yote 14. Tawi likikosekana, ripoti itatoka na jina la tawi hilo litaandikwa juu. Siku hiyo itahesabiwa kuwa imekosa ahadi.
> 3. Kiwango: si zaidi ya siku 3 za kukosa ahadi kwa robo ya mwaka.
> 4. Kipimo: saa ya uuzaji wa mwisho uliopokelewa kwa kila tawi, hukaguliwa 06:15 na 07:30. Matokeo yanaonekana kwa pande zote.
> 5. Hitilafu: daraja la 1, kujibu dakika 30, taarifa kila dakika 60, lengo dakika 240. Daraja la 2, kujibu dakika 120, lengo mwisho wa siku. Saa za huduma ni 06:30 hadi 18:00, siku za kazi.
> 6. Mtu wa zamu anaruhusiwa kuifunga ripoti yenye namba zisizo sahihi bila kuomba kibali.
> 7. Zisizohesabiwa: chanzo kutotuma data, mawasiliano kukatika nje ya ofisi. Taarifa zitaendelea kutolewa.
> 8. Watumiaji: mwakilishi mmoja, njia moja ya taarifa, notisi ya siku 5 za kazi kwa mabadiliko.
> 9. Mapitio: kila baada ya miezi 3.

Angalia kifungu cha 2 na cha 7 vinavyoshikana. Tawi likikosekana kwa kosa la timu, siku inahesabiwa. Likikosekana kwa kuwa chanzo hakikutuma, inaandikwa kwenye safu ya sababu za nje. Visomeni pamoja kabla ya sahihi, maana ndivyo vitakavyobishaniwa kwanza.

Mapitio ya miezi 3 yafanye nini?

Leteni orodha ya siku zilizokosa ahadi, kila moja na sababu yake kwa sentensi moja, na pigeni upya ile hesabu ya asilimia 95. Kama 07:05 imesogea hadi 07:22, data imeongezeka na nafasi yenu imebaki dakika 8. Hamjavunja ahadi hata siku moja ya ziada, lakini robo ijayo mtaivunja. Ama kazi ipunguzwe, ama ianze mapema, ama saa ya ahadi isogezwe kwa sahihi mpya za pande zote mbili.